Hakuna Aliyekudanganya

Mzee mmoja amekaa kijiweni, kikombe cha kahawa mkononi, anawalalamikia wenzake.

"Miaka mitatu sasa anakaa kwangu. Anakula bure, kazi hana. Mchana kutwa yuko uani kwa watu. Mtaa mzima umejaa watoto wake, na hata mmoja halei. Alfajiri, watu wamelala, yeye ndiyo kwanza anaanza makelele. Jana nikamwambia mama watoto: imetosha, sitaki kumsikia alfajiri nyingine."

"Mama watoto akasemaje?"

"Hakubisha. Kaniuliza tu: wa nazi au wa kukaanga?"

Rudi mwanzo usome tena. Anakula bure: kweli, jogoo hulishwa. Kazi hana: kweli. Watoto mtaa mzima: kweli, na jogoo gani umewahi kumwona akilea vifaranga? Makelele ya alfajiri ndiyo sifa yake ya kwanza. Mzee hajasema neno hata moja la uongo. Hajasema "shemeji", hajasema "mpwa wangu kutoka kijijini". Huyo kijana uliyemwona amejilaza kwenye kochi, umemwingiza mwenyewe.

Vichekesho vya namna hii, vinavyompeleka msikilizaji njia moja halafu neno la mwisho likamwonyesha kwamba kulikuwa na njia nyingine tangu mwanzo, vimechunguzwa sana na wataalamu. Mwaka 1972 mwanasaikolojia Jerry Suls alieleza kwamba kicheko chake kina hatua mbili. Kwanza tarajio la msikilizaji linavunjika: hilo swali la nazi limetoka wapi? Kisha msikilizaji anatafuta kanuni itakayofanya mwisho ukubaliane na mwanzo, na akiipata, anacheka. Asipoipata anabaki na mshangao mtupu. Mwaka 1985 mwanaisimu Victor Raskin aliongeza sharti linalohusu maandishi yenyewe: maneno ya kichekesho lazima yatoshe picha mbili kwa pamoja, yote au sehemu yake, na picha hizo mbili ziwe zinapingana. Hapa moja ni ya ndugu mzembe, nyingine ni ya kitoweo.

Nadharia hizi ni nzuri, na zinatosha kueleza kwa nini tunacheka. Hazituambii fundi wa kichekesho anaficha wapi njia ya pili. Jibu la swali hilo linategemea lugha anayoitumia. Kila lugha ina sehemu zake zenye giza na sehemu zake zenye taa, na Kiswahili kimewasha taa mahali ambapo wengi hawatarajii.

Tuanze na kichekesho kisicho chetu. Mwaka 2001 na 2002 mwanasaikolojia Richard Wiseman wa Chuo Kikuu cha Hertfordshire, Uingereza, aliendesha mradi kwenye mtandao wa kutafuta kichekesho kinachopendwa kuliko vyote duniani. Watu walituma vichekesho zaidi ya 40,000, na wengine wakavipa alama. Kilichoshinda ni cha wawindaji wawili. Wako porini, mmoja anaanguka ghafla, hapumui, macho yamegeuka. Mwenzake anapiga simu ya dharura, anahema: "Rafiki yangu amekufa! Nifanye nini?" Mpokeaji simu anamtuliza: "Usiwe na wasiwasi, nitakusaidia. Kwanza, hakikisha kwamba amekufa." Kimya. Kisha mlio wa bunduki. Mwindaji anarudi kwenye simu: "Tayari. Sasa nifanye nini?"

Mzigo wote wa kichekesho hiki umebebwa na kitenzi kimoja. Kwa bahati, "hakikisha" ina maana mbili zilezile zinazohitajika: kuthibitisha kwamba jambo liko hivyo, na kufanya jambo liwe hivyo. Mwalimu akisema "hakikisha mlango umefungwa", unaweza kwenda kuutazama, na unaweza kwenda kuufunga. Ndiyo maana kichekesho kinavuka kuja kwetu bila kuumia. Lakini tazama kinavyoweza kuuawa kirahisi. Mfasiri akiandika "angalia kama amekufa", njia ya pili imefungwa. Bunduki ikilia, mwindaji anaonekana kichaa tu, na hakuna cha kurudi kukisoma upya. Akiandika "hakikisha anakufa", amewasha taa mapema, maana "anakufa" inaelekeza kwenye kitu ambacho bado hakijatokea. Ni "amekufa" tu, pamoja na "-me-" yake, inayozibeba hali zote mbili: ameshakufa tayari, au awe ameshakufa utakapomaliza. Tofauti kati ya kichekesho kilichopendwa kuliko vyote na sentensi ya kutisha ni silabi moja.

Hapo utata ulikuwa kwenye kitenzi. Watu wengi wanapofikiria utata wa Kiswahili, hawafikirii vitenzi. Wanafikiria orodha ile ya shuleni ya maneno yenye maana zaidi ya moja: paa, kaa, mbuzi, ua, panda. Inaonekana kama ghala la vichekesho lililojaa hadi juu. Jaribu kuingia ndani uchukue kimoja, na utaona tatizo.

Chukua "mbuzi". Kuna mbuzi anayekula majani, na kuna mbuzi ya kukunia nazi, kile kibao chenye chuma cha meno kwenye ncha. Tutengeneze kichekesho. Kijana anakwenda ukweni kwa mara ya kwanza, ameambiwa asifike mikono mitupu: aje na mbuzi. Anahangaika wiki nzima, anazunguka masoko mawili, mwisho anapata kwa bei nzuri. Jumamosi anafika ukweni na baiskeli, mbuzi kwenye kerea. Baba mkwe anatazama kwa muda mrefu, kisha anauliza: "Na nazi?"

Ukikisoma haraka, kinapita. Sasa kisimulie kwa sauti mbele ya watu wa Tanga au Unguja, uone unavyotembea juu ya mayai. Huwezi kusema kijana alikuwa na mbuzi mmoja wala mbuzi moja, kwa sababu namba itakusaliti. Huwezi kusema mbuzi alikuwa mkubwa wala ilikuwa kubwa. Huwezi kusema amemfunga wala ameifunga kwenye kerea, kwa hiyo itabidi mbuzi "kwenye kerea" tu, bila kufungwa. Huwezi kusema alikuja naye wala alikuja nayo. Hata mbuzi "wake" na mbuzi "yake" zimekatazwa. Neno ni moja, lakini kila kinachoambatana nalo kinatangaza kwa sauti lipo kwenye ngeli gani. Njia mbili zinaanzia nukta moja, halafu hatua ya kwanza tu zinaachana.

Msimuliaji anaweza kuruka vikwazo vyote hivyo, kama nilivyoruka hapo juu. Gharama yake ni kwamba sikio la mzawa wa pwani litasikia pengo. "Mwisho anapata", anampata nani? Mtu aliyezunguka wiki nzima akitafuta mnyama, kisha akapatikana, Kiswahili kinataka "anampata". Pale "-m-" ilipokosekana, msikilizaji mwerevu ameshaanza kunusa. Kuficha kunakoonekana si kuficha tena.

Lipo jambo la kufurahisha hapa. Katika Kiswahili cha mitaani Nairobi, na katika Sheng, upatanisho wa ngeli umelegea sana. Huko mtu husema "mbuzi yangu imepotea" akimaanisha mnyama, na hakuna anayegeuka kumtazama. Walimu wa sarufi huumia, na wana sababu zao. Lakini kwa mchekeshaji, huo ni mlango uliofunguliwa. Kichekesho cha mbuzi kinachomlazimisha msimuliaji wa Unguja kutembea kwa kunyata, msimuliaji wa Eastlands angekisema kwa mbio, "ameifunga kwenye baiskeli", na asifichue lolote. Kikwazo chake kingekuwa kingine kabisa: wangapi kati ya wasikilizaji wake wamewahi kukalia mbuzi ya kukunia nazi? Njia ya pili isiyojulikana na msikilizaji si njia. Ikibidi kumweleza baada ya kumaliza, kicheko kimeshapita.

Kwa hiyo Kiswahili sanifu kinamulika vizuri tofauti kati ya kiumbe na kitu. Kinachokiacha gizani ni tofauti kati ya kiumbe na kiumbe. Kiambishi "a-" hakijali kama anayezungumziwa ni mwanamume, mwanamke, mtoto mchanga, simba au jogoo. Wote wanakula, wote wanalala, wote wanaondoka. Ndiyo maana mzee wa kijiweni hakuhitaji kunyata. Hakutaja jina la anayemlalamikia, na hilo halikusikika kama pengo, kwa sababu wazee wa kijiweni huanza hadithi hivyohivyo, katikati, kana kwamba unamjua anayesemwa. Kisha "a-" ikafanya kazi yote iliyobaki. Hata "wa nazi au wa kukaanga" ni upatanisho wa ngeli ileile. Lililogeuza picha ni mapishi, sarufi haikubadilika.

Uwanja huu wenye giza ndipo tunapoweza kukipima kitendawili kimoja mashuhuri duniani, ambacho wengi wenu mmekisikia kwa Kiingereza. Baba na mwanawe wamepata ajali ya gari. Baba anafariki palepale. Mtoto anakimbizwa hospitali, anaingizwa chumba cha upasuaji. Daktari anakuja, anamtazama, anasema: "Siwezi kumpasua huyu. Ni mwanangu." Inawezekanaje? Jibu linalotafutwa ni kwamba daktari ni mama yake.

Kwa Kiingereza, msimuliaji wa kisa hiki ana kazi ngumu. Lugha ile ina kiwakilishi kimoja cha mwanamume na kingine cha mwanamke, na akitumia kimojawapo mara moja tu, ama amesema uongo ama amefichua. Anabaki kurudiarudia "daktari wa upasuaji" pale ambapo mtu wa kawaida angetumia kiwakilishi. Msikilizaji aliyepotea anaweza kujitetea kidogo: umenificha makusudi, nimesikia ulivyokuwa unakwepa. Kwa Kiswahili hakuna cha kukwepa. "Anakuja, anamtazama, anasema" ndivyo tunavyosema kila siku kuhusu kila mtu. Lugha haikumvalisha daktari suruali wala gauni. Na bado wengi wetu tunamwona mwanamume amesimama pale na glavu zake.

Tunapenda kujisifu kwamba Kiswahili hakibagui jinsia, kwamba "yeye" wetu ni wa wote. Ni kweli kwa sarufi. Lakini kitendawili cha daktari kikisimuliwa kwa Kiswahili kinaonyesha kwamba ukimya wa sarufi si uadilifu wa akili. Pale lugha inapoacha nafasi wazi, kitu kingine huijaza, na huijaza upesi sana kiasi kwamba tunaamini tumekisikia. Ukitaka kujua nini kimekaa kwenye nafasi hiyo, simulia kisa halafu muulize msikilizaji amemwona nani.

Tuwe waangalifu, hata hivyo, maana tafsiri hii ya Kiswahili inavuja mahali pengine. Baba aliyefariki ni baba yupi? Kwetu mtoto anaweza kuwa na baba mkubwa na baba wadogo watatu, na wote ni baba. Msikilizaji akijibu, "Aliyekufa ni baba yake mdogo, daktari ndiye baba mzazi", amejibu sawasawa na ametoka mtegoni bila kumfikiria mwanamke yeyote. Na "mwanangu" je? Mzee yeyote humwita kijana yeyote mwanangu. Vijana wa Dar es Salaam huitana mwanangu wakiwa rika moja. Daktari anaweza kuwa mshikaji tu. Ukitaka kuziba mianya hii useme "baba mzazi" na "mtoto niliyemzaa mimi mwenyewe", umeumba tatizo jipya: wanaume nao husema "niliyemzaa", ndiyo, lakini neno hilo huipeleka akili moja kwa moja kwenye uchungu wa uzazi, na siri imeshatoka. Kwa hiyo kisa kilekile kinachokuwa kikali zaidi kwa Kiswahili upande wa viwakilishi, kinalegea upande wa ukoo. Njia ya uongo inafanya kazi pale tu penye mlango mmoja wa kutokea. Milango ikiwa mitatu, msikilizaji anatoka kwa ule unaomsumbua kidogo kuliko yote.

Wazee wetu walilijua tatizo hili, na walilitatua kwa namna tofauti. Mtu akisema "Kitendawili!", wenzake wanajibu "Tega!" Kitenzi chenyewe ni cha mitego. Lakini kitendawili cha jadi kinatangaza mtego kabla ya kuuweka, na msikilizaji anaruhusu. Ukisema "nyumba yangu haina mlango", hakuna anayefikiria nyumba. Kila mtu anajua nyumba si nyumba, na anaanza kutafuta yai. Kichekesho kinafanya kazi ileile bila kubisha hodi. Ndiyo maana matokeo yake ni makali zaidi. Anayeshindwa kitendawili hutoa mji, na wote wanaendelea. Anayenaswa na kichekesho amegundua alichokiamini kabla hajajua kwamba anapimwa.

Hapo ndipo ninapopata kipimo cha kukosoa vichekesho vya namna hii, na ni cha hatua mbili. Hatua ya kwanza ni ya ufundi: rudi mwanzo ukiwa na jibu mkononi, pitia sentensi moja baada ya nyingine. Kila moja ni kweli? Kama mzee angesema "amevaa viatu vyangu", kichekesho kingekuwa kimedanganya, na jogoo angekuwa hila ya kujiokoa mwishoni. Vichekesho vingi vinavyosambaa kwenye simu zetu huanguka hapa. Mwandishi ameongeza chumvi katikati ili njia ya uongo ipendeze, akasahau kwamba njia ya kweli nayo inapita hapohapo. Wengine huanguka baada ya kufika: wanasema "wa nazi au wa kukaanga", kisha wanaongeza "kumbe alikuwa jogoo!" Hatua ya pili ya Suls, ile ya msikilizaji kutafuta kanuni mwenyewe, wamemfanyia wao. Wamekula chakula chake.

Hatua ya pili ya kipimo ni ngumu zaidi, na inahusu barabara yenyewe. Njia ya uongo haijengwi na msimuliaji peke yake. Inajengwa kwa mazoea ya wasikilizaji. Kila kichekesho cha aina hii kinakopa dhana ambayo watu wameshaibeba: daktari ni mwanamume, mtu wa kabila fulani ni bahili, mke ni mlalamishi. Swali ni kinaifanyia nini dhana hiyo kikifika mwisho. Kisa cha daktari kinaikopa kisha kinaivunja mbele ya mwenye nayo. Kichekesho cha kabila, kama vinavyosimuliwa majukwaani kutoka Nairobi hadi Mwanza, mara nyingi kinageuka na kurudi palepale: tulidhani amebadilika, kumbe bado ni bahili. Kina njia ya uongo, kina neno la mwisho la ghafla, kinapita hatua ya kwanza bila doa. Lakini hakuna usomaji mpya. Msikilizaji ametoka akiwa na dhana yake ileile, imepigwa pasi.

Mzee wetu na jogoo wake wako wapi katika kipimo hiki? Katikati, nadhani, na si mahali pa raha. Barabara yake imejengwa kwa dhana moja ambayo wasomaji wa rika letu tunaijua kutoka ndani: kijana aliyemaliza chuo, hana kazi, anakaa kwa mjomba, anakula na kulala. Hasira ya mzee iliingia vizuri masikioni kwa sababu tumeshaisikia ikisemwa kuhusu watu, labda kuhusu sisi, kupitia ukuta wa chumba cha pili. Mwisho unampeleka jogoo jikoni na kumwachia kijana huru. Kweli, hakuna aliyemtaja. Lakini kwa sentensi sita tulikuwa tumeshakubaliana na mzee kwamba anayekula bila kuleta anastahili kuondoka, na hakuna kitu katika "wa nazi au wa kukaanga" kinachotutaka tuurudishe uamuzi huo. Mara nyingine ukikisimulia, mtazame yule anayecheka kwa kuchelewa.